Safu Iliyopungua Katika Ratiba ya Jemimah

Siku Jemimah Nyanchoka alipotetea pendekezo lake la utafiti mbele ya idara, ratiba yake ndiyo iliyowafanya watu wainue macho kutoka kwenye vikombe vya chai. Wanafunzi waliomtangulia walikuwa wamepanga shahada nzima ya uzamili kwa miezi minane, mambo yakifuatana kama siafu, bila nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Yeye alikuwa amepanga mwaka mmoja na nusu. Baada ya kila sura aliacha wiki tatu nyeupe.

"Mama, hizi wiki tupu ni za nini?" akauliza Manasseh, mwanafunzi mwenzake, aliyekaa nyuma. "Umepanga na za kulala?"

Watu wakacheka. Jemimah hakutikisika. Alikuwa afisa wa kilimo Ikonge, amezoea kusimama mbele ya wakulima wa chai wenye ndimi kali kuliko visu vya kupogolea.

"Hizo ni za wasimamizi wangu kusoma," alisema. "Na hizi mbili zinazofuata ni zangu za kusahihisha. Nyinyi mmepanga kana kwamba mwalimu akipokea sura jioni, asubuhi ameimaliza. Mwalimu ana madarasa, ana mitihani ya kusahihisha, ana wanafunzi wengine, na shamba pia analo. Jani la chai halichumwi leo likachumwa tena kesho."

Daktari Ratemo, msimamizi wake wa kwanza, alifurahi hata akagonga meza. Alikuwa mtu mnene wa sauti nzito, hodari wa mambo ya ugani, yaani kuwafikishia wakulima mafunzo. Msimamizi wa pili alikuwa Daktari Istarlin, binti wa wafanyabiashara wa Kisii mjini, bingwa wa takwimu, mwenye macho yasiyokosa jambo. Huyo hakugonga meza. Aliitazama ratiba kwa muda, kisha akasema, "Ni nzuri. Tutaona."

Na kweli mambo yakaenda. Jemimah alisahihisha pendekezo kama idara ilivyoagiza, akalitetea tena kwenye kitivo, akapeleka vyombo vyake vya utafiti kwa kamati ya maadili. Kamati ikamrudisha mara moja kwa sababu ya fomu ya ridhaa, jambo ambalo alikuwa amelitengea nafasi. Akapata kibali cha utafiti cha serikali, akajitambulisha kwenye ofisi za kaunti pale Nyamira, akajaribu hojaji yake kwa wakulima wachache kabla ya kuingia uwanjani hasa. Alikuwa akitafuta kwa nini wakulima wadogo huchelewa kupogoa chai ilhali wanajua wanapata hasara.

Wakati huo wote yeye na Ratemo walikuwa wakibishana kama watani. Ratemo aliandika kwa wino mwekundu: "Hii nani amekuambia?" Naye akajibu pembeni: "Uk. 14, Daktari, hukusoma." Karatasi zilikwenda na kurudi, na kila zilipokwenda zilirudi zikiwa bora zaidi.

Halafu ikaja harusi ya Ogembo.

Mdogo wa mume wake alikuwa anaoa. Jemimah, kama mke wa boma, alipewa birika na beseni awanawishe wazee mikono kabla ya chakula. Akapita kwa mmoja, akapita kwa wa pili, akiinama kwa adabu. Alipofika kwa wa tatu alijikuta anamwagia maji mikono anayoijua, mikono ya wino mwekundu.

"Huyu ni tata yenu, baba yenu kabisa," mama mkwe akamnong'oneza. "Mtoto wa Borabu. Babu yake na babu ya baba mkwe wako ni tumbo moja. Siku nyingi walipoteana, sasa tumempata."

Ratemo aliangalia beseni. Jemimah aliangalia nyasi.

Kwa Wagusii jambo hilo si dogo. Ratemo sasa alikuwa baba mkwe wake, na kati ya baba mkwe na mke wa mwana kuna chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Mke wa mwana hamkemei tata, hamdai, hamtanii. Na tata naye hamwambii neno kali mke wa mwanawe.

Mwanzoni mwa Mei Jemimah alituma sura ya nne na ya tano, za matokeo na hitimisho, kwa wasimamizi wote wawili. Maoni ya Daktari Istarlin yalikuja ndani ya wiki tatu, makavu na ya haki. Kutoka kwa Ratemo kukawa kimya. Mei ikaisha. Juni ikaingia, ikaelekea ukingoni.

"Si umpigie simu?" mume wake, Anyona, akamuuliza wakiwa jikoni kwao Kiogoro.

"Nimpigie tata nimwambie amechelewa? Wewe unaweza?"

"Mimi simwandikii tasnifu."

"Basi nyamaza, ule ndizi zako."

Lakini yeye mwenyewe alijua maji yamefika shingoni. Usajili wake chuoni ulikuwa unaisha mwisho wa Novemba. Kanuni ilitaka atoe ilani ya nia ya kuwasilisha tasnifu miezi mitatu kabla, yaani Agosti, na ilani ilihitaji sahihi za wasimamizi wote wawili. Hakuna msimamizi anayetia sahihi juu ya kazi ambayo hajaisoma. Akiikosa Agosti, itambidi aombe kuongezewa muda, na nafasi pekee ya kuongezewa alikuwa ameshaitumia mwaka alipojifungua. Kazi yote ile ingelala shimoni kwa sababu ya kimya cha watu wawili wenye adabu.

Akaenda kwa Daktari Istarlin ofisini, akamweleza yote. Daktari akacheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya mtandio.

"Kwetu Wasomali pia mkwe ana haya zake," alisema. "Lakini wewe, dada yangu! Ulituhubiria habari ya wiki nyeupe kana kwamba umeshushiwa wahyi. Wiki zimepita. Ratiba yako inasema nini baada ya hapo?"

Jemimah akaitoa ratiba mkobani, akaipitia. Ratiba yake haikusema chochote. Alikuwa ameandika kazi, ameandika tarehe, ameandika nani anasoma. Hakuandika, tarehe ikipita, nani anafungua kinywa. Alikuwa ameiachia shughuli hiyo ulimi wake mwenyewe, kwa kuwa siku zile ulimi wake haukuogopa mtu.

Alirudi nyumbani akaichora ratiba upya, kuanzia maoni ya sura ya nne na ya tano hadi kuwasilisha. Akarudi nyuma kutoka Novemba: nakala za kuwasilisha, kabla yake ukaguzi wa wizi wa maandishi, kabla yake rasimu nzima kusomwa na wote wawili, kabla yake ilani. Akaacha wiki mbili za dharura, kwa maana katika vyuo vyetu dharura haikosekani. Kisha akaongeza safu moja upande wa kulia, ikawa na kichwa: "Tarehe ikipita." Chini yake, kwenye kila mstari, aliandika maneno yale yale: "Watatu tunakutana idarani Jumatatu inayofuata, saa nne." Hapakuwa na wa kupiga simu wala wa kumdai mwenzake. Tarehe yenyewe ndiyo ingewaita.

Akaituma kwa wote wawili kwa ujumbe mmoja, na nakala kwa mwenyekiti wa idara, akiomba waikubali. Istarlin akajibu saa hiyo hiyo. Siku mbili baadaye Ratemo naye akajibu kwa neno moja: "Sawa."

Na kwa kuwa tarehe ya kwanza kwenye ratiba, ile ya maoni, ilikuwa imeshapita, Jumatatu walikutana.

Ratemo alikaa karibu na mlango kama mgeni. Alifungua sura ya nne, akakohoa, akamgeukia Istarlin.

"Daktari, mwambie mwanafunzi kwamba sura hii ina upungufu kidogo."

"Mwanafunzi yuko hapo," Istarlin akasema. "Mimi si mkalimani."

Ratemo akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Niliisoma mwezi wa Mei," alisema mwishowe, akiitazama meza. "Niliisoma mara mbili. Nikashika kalamu. Ningeandika ninavyoandika siku zote... Nikaona nitamwandikiaje hivyo mke wa mwana wetu? Nikasema nitangoja aje mwenyewe, nimwambie polepole. Hakuja."

"Nilikuwa nangoja uite, tata," Jemimah akasema.

"Subhanallah," akasema Istarlin. "Nyinyi wawili mngengojana hadi kiama. Sema maoni yako, Daktari. Kuna safu hapa na wewe umeikubali."

Ratemo akavuta pumzi, na ile sauti nzito ikarudi mahali pake. "Lengo lako la tatu hukulijibu. Umejaza majedwali mpaka macho yanauma, lakini nani ndani ya nyumba anayeamua siku ya kupogoa, mume au mke, hakuna. Una mahojiano ya wakulima umeyafungia kabatini. Na hitimisho limejengwa juu ya lengo ambalo halina matokeo. Hiyo ni nyumba bila nguzo."

Jemimah alihisi maneno yakichoma, na papo hapo akahisi raha, kama mtu aliyerudishiwa mzigo wake uliokuwa umepotea.

"La mahojiano nakubali," alisema. "Niliogopa sura itakuwa ndefu. Lakini jedwali la sita silitoi, samahani, tata... samahani, Daktari. Hilo ndilo linaloonyesha kwamba wanaopogoa mapema ni wale wenye mapato mengine ya kuwashika msimu ule chai iliyopogolewa haichumwi."

"Silioni hilo."

"Liko safu ya nne."

Akaangalia. Akaangalia tena. "Basi mbona hukulieleza chini yake, msomaji akaelewa?" akanguruma, na ubishi ukaanza, mtamu kama wa zamani. Kabla ya kutoka, Ratemo aliinua kidole. "Tusikilizane. Huko Ogembo mimi ni tata, na heshima yangu nitaitaka yote. Hapa niletee hoja."

"Nitakuletea, na nitazitetea."

Maoni yake yaliyoandikwa yalifika Ijumaa, mekundu kutoka ukurasa wa kwanza. Jemimah aliyafungua mahojiano, akaongeza sehemu nzima juu ya maamuzi ya nyumbani, akalijenga hitimisho upya. Wiki moja ya dharura ikaliwa hapo. Mwezi wa Agosti ilani ikapata sahihi zote mbili. Ile miezi mitatu hakuna aliyelala: rasimu nzima ilikwenda na kurudi mara mbili, na tarehe moja ikapita kwa kuwa Istarlin alikuwa na mitihani. Jumatatu watatu wakakutana saa nne, pasipo mtu kumwomba mwenzake radhi, wakamaliza, wakatawanyika. Ukaguzi wa wizi wa maandishi ulionyesha aya chache zilizofanana mno na vyanzo, naye akaziandika upya kwa maneno yake.

Katikati ya Novemba aliingia ofisi ya masomo ya uzamili na nakala zake mikononi. Karani, Bochaberi, alihakikisha sahihi, akagonga mhuri, akampa risiti.

"Sasa zinakwenda kwa watahini," Bochaberi akasema. "Huchukua kama miezi miwili. Wakimaliza tutakupigia uje utetee. Baada ya hapo kuna masahihisho ya mwisho, ndipo ulete za jalada gumu."

"Na msiponipigia?"

Bochaberi akainua macho. Inaonekana swali hilo halikuwa la kila siku. "Kwani kwa nini tusikupigie?"

"Sijui," Jemimah akasema, akitoa kalamu. "Lakini tukubaliane sasa tukiwa tunacheka. Miezi hiyo miwili ikipita, Jumatatu inayofuata, saa nne, utaniona nimesimama hapa."

Karani akatabasamu, akavuta kalenda ya mezani, akaanza kufunua kurasa. "Haya, mama. Iandike mwenyewe."