Sahihi ya Mzee Mbonile

Udongo wa kaburi la baba yake haujakauka, Hezron alikuwa ameshachapisha kadi: "Hezron Mbonile, Mkurugenzi." Aligawa Tunduma nzima, kwa mawakala wa forodha, kwa wauza chipsi, hata kwa trafiki aliyemsimamisha njiani pale Mpemba. Mama yake ndiye aliyekosa, kwa sababu mama anauza maharage sokoni, na muuza maharage ana shida gani na wakurugenzi?

Mzee alikuwa ameisajili kampuni yake ya mazao, akafa kabla hajaifungulia akaunti. Sasa mnunuzi mmoja wa mahindi kutoka Zambia alikuwa amesema wazi kwamba hatumi hela kwenye simu ya mtu. Anataka akaunti ya kampuni, la sivyo ananunua kwingine. Hezron akaona mlango umefunguka. Atakayesaini benki ndiye bosi, na dada yake Edina, aliyezunguka vijiji vya Ihanda na marehemu miaka yote akinunua magunia, atajua baadaye.

Akaingia benki kifua mbele, bahasha kwapani, akaketi mbele ya afisa aitwaye Yunisi.

"Pole na msiba, kaka Hezron," Yunisi alisema, akaanza kutoa karatasi. "Cheti cha usajili. Sawa, kampuni imezaliwa kisheria. Namba ya mlipakodi, na ni ya kampuni yenyewe, siyo yako. Kwa hiyo watu wa kodi wanaitambua. Leseni nayo inairuhusu kuuza mazao pale Mpemba. Safi."

"Basi nipe fomu nisaini, dada. Si nimeshika cheti?"

"Ukishika cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa jirani, mtoto anakuwa wako?"

Hezron akacheka peke yake. Yunisi alikuwa ameshafika kwenye taarifa ya Msajili wa Kampuni, ile inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa sasa. Hezron aliichapisha stationery bila kuisoma. Wakubwa, kwa maoni yake, hawasomi.

"Wakurugenzi ni wawili," Yunisi alisema. "Raphaeli Mbonile na Tukuswiga Mbonile. Wewe sikuoni."

Tukuswiga! Hezron alihisi kiti kinapungua. Mama yake, wa maharage!

"Huyo aliwekwa kujaza nafasi tu," alisema haraka. "Lakini azimio la bodi lipo. Mzee kaniteua."

Azimio ndilo linaloiambia benki kwamba wakurugenzi wamekubali kufungua akaunti, na nani atasaini. La Hezron lilisema atasaini Hezron, peke yake. Chini yake palikuwa na sahihi ya mzee, yenye mikia na vikorombwezo, kazi ya jioni nzima. Yunisi aliitazama, akafungua katiba ya kampuni, inayoeleza inafanya nini, inaendeshwaje, na nani waliianzisha.

"Kwenye katiba mzee alipiga dole gumba, mbele ya wakili."

"Alijifunza kuandika baadaye."

"Lini?"

Hezron, Mungu amsamehe, akatazama tarehe aliyoiandika mwenyewe. "Juzi Jumanne."

"Jumanne," Yunisi alisema polepole. "Kaka, mimi nilikuwepo mazikoni wiki mbili kabla ya hiyo Jumanne. Nimekula wali wenu. Wewe ndiye uliyelia mpaka ukashikwa na watu watatu."

Foleni nzima ilisogea kusikiliza. Yunisi alimsukumia ile karatasi.

"Sijaipokea. Ningeipokea, saa hizi ungekuwa kwa meneja, na baada yake polisi. Mlete mama. Kifo kiripotiwe kwa Msajili, mkurugenzi wa pili ateuliwe kama katiba inavyosema, hisa za mzee zisubiri msimamizi wa mirathi. Kisha mje na azimio la watu walio hai, na vitambulisho vyao vya taifa, nijue ndio wenyewe."

Jioni kikao cha bodi kilifanyika jikoni, mama akichambua maharage, Edina akichochea moto. Hezron alieleza yote, mengine akiyapitia kwa mbali. Mama hakubishana. Alisema mkurugenzi wa pili ni Edina, na watakaosaini ni wao wawili, kwa pamoja. Edina alifuta machozi kwa mkono wenye majivu.

"Na mimi, mama?"

"Kwanza nionyeshe hiyo karatasi."

Aliisogeza kwenye mwanga wa moto, akaitazama ile mikia muda mrefu. Hezron alisubiri tusi. Angelipenda tusi.

"Sahihi nzuri," mama alisema. "Alikuwa anaona aibu sana, kila akiletewa wino wa kupigia dole mbele za watu. Ungemfundisha akiwa hai."