Orodha na Chaki

Tuseme ukweli mapema: siku ile mjinga alikuwa Séverin, na mwenyewe hakatai. Anachobishia ni kiasi tu.

Ofisi yao ya tafsiri, vyumba viwili juu ya duka la dobi kule Glenwood, ilikuwa imepata kazi nono: kitabu cha matengenezo ya matrela ya tipa, kurasa mia mbili na kumi, kutoka Kiingereza kwenda Kivietinamu. Matrela yanaundwa Isipingo, yanapakiwa melini kwenda Hai Phong. Huko wangetafsiri wawili, Bi Hạnh na mwenzake, kila mmoja na sura zake, mwenzake akiongezewa vibandiko vya onyo. Ndiyo maana Constance, bosi, Mrundi asiyecheka kabla ya chai, alitaka orodha ya istilahi itangulie. Kila kifaa kipewe jina moja kwa kila lugha, kiwanda kikubali, ndipo tafsiri ianze.

"Wakigawana kitabu bila orodha," alisema, "pampu moja itapata majina mawili, na fundi atatafuta ile ya pili mpaka kiyama."

Kazi alipewa Séverin, aliyekuwa akiuza simu miaka sita kabla ya kuingia ofisini. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha Ijumaa, naye alitaka kung'aa. Akaiagiza programu ichambue kitabu na kumtolea maneno yote yaliyojirudia mara tatu au zaidi. Kwa nini tatu? Kwa sababu yaliyotokea mara moja au mbili yalionekana takataka tupu: majina ya miezi, namba, anwani. Akapata istilahi mia moja na themanini. Kila moja akaipa maelezo na namba ya kifaa, Bi Hạnh akajaza Kivietinamu chake. Maridadi.

"Natuma leo, patronne," alimwambia Constance Alhamisi asubuhi.

"Umezunguka nayo?"

"Kuzunguka wapi?"

"Kwenye mashine. Orodha haitoki hapa bila kuzungushwa. Panda taxi."

Eish. Akapanda taxi mpaka Isipingo, njia nzima akinung'unika kwamba wenzake wanamaliza kazi kwenye kiti, yeye anapelekwa kuamkia matrela.

Kiwandani alipokelewa na Mzee Nimbona, fundi mkuu, ambaye viganja vyake havijui tena kuwa safi. Mzee hakuitazama orodha. Alichukua chaki.

"Soma, mwanangu. Kila unachotaja nakipaka."

Séverin akasoma. Pampu ya haidroliki: chaki. Silinda ya kuinulia: chaki. Ekseli, vali, bawaba ya mlango wa nyuma: chaki, chaki, chaki. Baada ya saa nzima trela lilikuwa kama ubao wa darasa la kwanza. Séverin akatabasamu, akafungua simu atume.

"Ngoja," alisema mzee. "Hii iko bila chaki."

Chini ya bodi lililoinuliwa, lile la kubebea mzigo, ulisimama mhimili mnene wa rangi ya njano. Unausimamisha kabla hujaingia chini, ili mafuta yakivuja bodi lisikushukie. Pembeni yake kulikuwa na kibandiko cha onyo chenye jina la mhimili ule. Séverin akatafuta kwenye orodha. Hakuna. Akatafuta kwenye kitabu: ukurasa wa kumi na tatu, mara moja tu. Programu ilikuwa imeutupa pamoja na anwani.

Ndipo akaona itakavyokuwa. Bi Hạnh angeuita hivi kitabuni, mwenzake angeubandikia jina lingine kwenye kibandiko, na fundi wa Hai Phong angeuliza kipi ni kipi akiwa tayari ameinama.

Akampigia Bi Hạnh hapohapo. Huko ilikuwa inaelekea jioni.

"Umeanza sura ya kwanza, dada?"

"Bila orodha yako? Mimi na mwenzangu tunakunywa chai tu."

Séverin akaegemea gurudumu, akacheka peke yake kama mwehu. Akamtumia picha ya mhimili na ya kibandiko. Hazikupita dakika kumi, jibu likaja: *thanh chống an toàn*, yaani mhimili wa usalama, kitabuni na kwenye kibandiko. Mzee akaupaka chaki. Jioni Séverin alipekua takataka zote kwa macho, akaokoa istilahi tisa nyingine. Ijumaa kiwanda kikakubali orodha, na Constance akamwongezea mkataba, tena kabla ya chai.

Lakini Séverin ni Séverin. Aliporudi Isipingo kuchukua sahihi, alijitetea.

"Lakini kubali, mzee, nilikosea kidogo tu. Kurasa mia mbili na kumi, na neno lenyewe limetajwa mara moja!"

Nimbona alikuwa amelala chini ya bodi lililoinuliwa, kando ya mhimili wa njano. Hakutoka.

"Na wewe, shingo unazo ngapi?"