Swali la Kumi na Tatu

Walimu wa Kiswahili walikutana Bunda, kwenye darasa moja la shule ya Kabasa, kusahihisha mtihani wa utamilifu wa darasa la saba. Kiongozi wa jopo alikuwa Mwalimu Getruda, mwanamke mnene asiyecheka ovyo. Kifungu cha ufahamu alikuwa amekitunga Mwalimu Faustine wa Mugeta, na Faustine alikaa karibu na dirisha akisahihisha kwa raha, kwa sababu kazi yake ilikuwa imechapwa bila kubadilishwa hata nukta.

Kifungu kilikuwa kifupi. Jumanne alfajiri Yunis alikuta lango la zizi liko wazi. Jioni alikuwa amelifunga mwenyewe. Kamba ya ng'ombe wao ilikuwa imekatwa kwa kisu, na ng'ombe hayupo. Jirani yao, Burito, hakuonekana siku hiyo. Aliporudi, alikuwa amevaa viatu vipya.

Swali la kumi na tatu liliuliza: Kwa mujibu wa habari, nani aliiba ng'ombe? Mwongozo wa kusahihisha ulisema jibu ni A, Burito.

Getruda aliweka kalamu chini.

"Mwalimu Faustine, nionyeshe sentensi inayosema Burito aliiba."

"Haijasema moja kwa moja. Inadokeza. Mwanafunzi anatakiwa kufikiri."

"Sawa. Nionyeshe inayodokeza."

"Hakuonekana. Halafu viatu vipya."

"Mimi Jumanne sikuonekana Mugeta," alisema Getruda. "Na hivi viatu nimenunua juzi."

Walimu wengine waliangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya kweli.

Faustine alifungua ukurasa uliofuata kwa hasira. "Basi na la kumi na nne tulifute! Linauliza ng'ombe alitokaje zizini, na jibu ni kwamba mtu alimtoa. Hilo nalo halijaandikwa popote."

"Halijaandikwa, lakini limo," alisema Getruda. "Lango lilifungwa jioni, asubuhi liko wazi. Kamba imekatwa kwa kisu. Ng'ombe hatembei na kisu. Ukisema mtu hakuhusika, unapingana na kifungu. Lakini nikisema Burito alikuwa hospitali, napingana na sentensi ipi?"

Faustine alisoma kifungu chake tangu mwanzo, kidole kikitembea chini ya maneno. Alifika mwisho, akarudi juu.

"Hakuna," alisema.

"Basi jibu ni D, habari haijamtaja mwizi."

Walibadilisha mwongozo. Karatasi zilizokwisha kusahihishwa zikarudiwa, na watu walimnunia Faustine mpaka chai ya saa nne. Kwenye chai Getruda alimsogelea.

"Ng'ombe ni wako, siyo?"

Faustine alimeza andazi. "Ni wangu."

"Na Burito?"

"Jirani yangu. Jumamosi nakwenda kwake na vijana wa ulinzi."

"Wameshamuuliza alikuwa wapi?"

"Hapana."

"Wewe?"

Faustine aliangalia kikombe chake. Getruda alikwenda kuongeza sukari.

Jioni hiyo Faustine hakupitia kwa vijana wa ulinzi. Alikwenda moja kwa moja kwa Burito, akamkuta anachambua pamba barazani. Walisalimiana kwa shida, kama watu waliosahau maneno.

"Jirani, Jumanne ile ng'ombe wangu alipopotea, ulikuwa wapi?"

"Butiama. Tulikuwa tunamzika shemeji yangu."

"Na viatu?"

Burito aliangalia miguu yake. "Vya marehemu. Dada yangu alinipa. Vinanibana." Kisha akauliza, "Ndiyo maana umeacha kunisalimia?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua umekasirika sikukupa habari ya msiba. Nikasema nitakuja kuomba radhi, lakini nilikuwaga naona unanipita tu, nikajua umekasirika sana."

Faustine alikaa kwenye rundo la pamba bila kukaribishwa. Aliona aibu iliyompanda taratibu mpaka masikioni.

"Pole na msiba, jirani."

"Nimeshapoa." Burito aliendelea kuchambua. "Binti yangu Recho kaniambia jina langu lilikuwa kwenye mtihani."

"Lilikuwamo."

"Ameniambia amejibu habari haijasema. Amepata?"

"Amepata. Ila mwanzoni nilimkosesha."

Burito alitikisa kichwa polepole, akamsogezea Faustine kikapu cha pili. Walichambua pamba pamoja mpaka giza likawazuia. Ng'ombe hakupatikana, na aliyemtoa zizini hajajulikana mpaka leo. Jumapili, baada ya ibada, Faustine alikwenda Butiama na Burito kuhani msiba, akachelewa kurudi, na Jumatatu hakuonekana shuleni.