Kuku wa Mlangoni

Walikuja asubuhi, wanafunzi wote wa chuo cha Kurani cha Mwalimu Abedi, wameinua juu mbao zao za kuandikia, wakiimba mpaka Kindu nzima ikatikisika. Nikafunga mlango. Desturi naijua: mtoto akihitimu Kurani, wenzake huzunguka nyumba kwa nyumba kumkusanyia mwalimu zawadi za nguo na mchele, na hawabanduki mpaka uwape. Mimi, Mwanvua, nguo ya kutoa sina, mpunga ungali shambani. Sumaili wangu nimeshindwa kumtia chuoni kwa ajili ya ada, halafu nitoe kwa mtoto wa mwenzangu?

Wakazidi kuimba. Hasira zikanipanda. Nikamkamata kuku, nikamsukuma nje kwenye upenyo wa mlango.

"Chukueni, muende!"

Kisha nikamsikia Mwalimu mwenyewe akicheka.

"Mama Sumaili, leo hatukuja kuomba. Mwaka mupya wa chuo unaanza, tunaita watoto wapya. Ada ya kuingia njo kuku mumoja. Ingine utaleta ukivuna mpunga."

Nikaufungua mlango kwa kishindo.

"Basi kuku si unaye!"

"Ninaye. Mutoto iko wapi?"

Sumaili alikuwa ameshanipita kwapani, yuko katikati yao, anaimba kuliko wote.