Bibi Ajibu Notisi ya Kodi

Mwenye nyumba alimtumia bibi picha ya notisi ya Kiingereza: kodi inapanda mwezi ujao. Mimi, mjukuu wake, nilimtafsiria kwa sauti ya hakimu. Hakucheka. Bila muda wa kuwachangisha wajomba, angelazimika kukihama chumba alichoishi na marehemu babu.

"Mkataba unasema nipewe notisi ya miezi mitatu," alisema, akaanza kuandika kwa Kiarabu, lugha ya mkataba wenyewe.

Nusu ya barua ilikuwa salamu na kuulizia magoti ya mama wa mwenye nyumba.

"Bibi, mtishie kidogo."

"Nyamaza, mume wangu. Piga picha, utume."

Jibu la mwenye nyumba lilikuja kwa ujumbe wa sauti: "Shangazi, nimekosea. Tuhesabu miezi mitatu. Mama nimemsomea salamu, analia, anakuulizia."

Bibi aliomba aisikie tena.