Limau Bichi

Erica aliingia dukani kwangu hapa Mpemba saa sita mchana, akataka nimchanganyie harufu yake mwenyewe. Nilimwomba mkono ninuse ngozi kwanza, kama ninavyomfanyia kila mteja.

Harufu ya juu mkononi mwake ilikuwa limau, ya katikati karafuu, ya chini mti wa sandali. Mchanganyiko huo niliutengeneza mimi, chupa moja tu, kwa ajili ya mume wangu Osward. Alfajiri hiyo aliichukua, akaniaga kwamba anavuka mpaka kwenda Nakonde na atarudi kesho.

Sandali hukaa siku nzima. Limau halimalizi hata saa moja kwenye ngozi, na hili lilikuwa bichi.

“Unataka harufu ya namna gani?” nilimuuliza.

“Inayodumu, dada.”

Nikahesabu sandali matone matatu, waridi matano, limau mawili, nikamalizia na mafuta ya nazi.  Nilimwambia aiache itulie wiki mbili ndipo aipake.

“Nifungie basi, kuna mtu ananingoja nje.”

“Mwambie aingie,” nikasema. “Na yeye nimnuse.”