Muhuri wa Mtendaji

Asubuhi ya usaili ilimkuta Naila kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, barua anayo, muhuri hana.

Ujumbe wa duka la vifaa vya ujenzi la Bi Shamsia alikuwa ameusoma hata akauhifadhi: "Unaitwa kwenye usaili wa karani wa mauzo, Alhamisi saa 3:00 asubuhi, dukani kwetu karibu na stendi ya Bagamoyo. Utachukua dakika thelathini. Njoo na vyeti halisi na nakala zake, kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Kwa maswali piga namba hii." Tangu amalize chuo, hakuna mwingine aliyewahi kumwita.

Jana mtendaji, Bwana Muhidini, alikwenda kuzika Makurunge, na muhuri ukaenda naye mfukoni.

"Kwani hauachi?" Naila aliuliza.

"Auache uibiwe?" alicheka Bi Ashura, mhudumu wa ofisi, huku akipiga deki. "Analala nao huo! Mkewe ana wivu. Wapigie hao wa dukani, uwaambie."

"Nitawaambia nini, bibi? Wataona sijajipanga."

"Haya, kaa na haya zako. Tuone kama zitakuajiri."

Naila aliitoa simu, akaitazama ile namba, akairudisha mkobani. Na kwenda mikono mitupu aliogopa vilevile. Alijiona akirudishwa mlangoni. Saa tatu ikagonga angali pale pale, machozi yakimlengalenga.

Pikipiki ya Muhidini ikaingia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tulichelewa kutoka msibani." Akapapasa mifuko, akautoa muhuri, kisha akaanza kuutafuta wino. Naila alitamani kupiga yowe. Alisema tu, "Ahsante, baba."

Alifika dukani anahema, jasho limelowesha ushungi. Bi Shamsia aliitazama saa ya ukutani.

"Saa tatu na dakika ishirini, binti. Una nini?"

"Nilikuwa nasubiri muhuri wa mtendaji. Alikwenda mazikoni."

"Mazikoni! Sasa si ungepiga simu? Mwenzako mmoja alipiga jana, nikamwambia barua alete hata wiki ijayo. Mimi nataka kujua unatoka wapi, basi. Lakini muda nitakurudishiaje? Saa tatu na nusu naingia na mwingine."

Naila aliitoa barua na vyeti mkobani.

"Zimebaki dakika kumi. Kaa."

Waliongea bei ya saruji na hesabu za stoo, na Naila alijibu vizuri, tena vizuri kuliko alivyotarajia. Alikuwa ndiyo kwanza anaeleza alivyofanya mafunzo kwa vitendo Chalinze, hodi ikabishwa mlangoni.

Bi Shamsia alishusha pumzi. "Unajua kazi, mwanangu. Ila wenzako nimewasikiliza nusu saa nzima. Sikuahidi kitu."

"Nimeelewa, mama."

Alitoka, akampisha kijana aliyekuwa akiingia. Nje jua lilikuwa kali. Alisimama kando ya mabati yaliyopangwa ukutani, akalia kwa hasira, kimya kimya, mpaka mpakiaji mizigo akamwuliza kama amefiwa.